Kompyuta inaganda katikati ya gemu, joto liko sawa: mchawi ni RAM?

Ngoma_ya_Ziwa (Mwanza)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie, maana fundi wa mtaani ameshanipa hukumu na sijaridhika nayo.

Kompyuta ni ya kuunga mwenyewe: Ryzen 5 5600, mazabodi ya B450, kadi ya grafiksi RX 6600, pawa saplai ya wati 550, RAM GB 32. Nikiwa ndani ya GTA V, au hata gemu la mpira, picha inaganda ghafla, sauti inabaki ikijirudia kama santuri iliyokwama, na hakuna kinachoitikia hadi nibonyeze batani ya kuzimia. Siku nyingine haigandi, gemu linajifunga tu na kunirudisha kwenye desktopu bila ujumbe wowote. Inaweza kutokea dakika ya kumi, inaweza kutokea baada ya saa mbili. Nikiwa natumia brauza au kuandika, mara nyingi iko shwari.

Joto nimelitazama: prosesa haizidi nyuzi 70, GPU iko kwenye 72 hivi. Windows imepigwa upya, draiva ni mpya. Kwenye Event Viewer kila nikiwasha nakuta Kernel-Power 41. Fundi anasema kadi ya grafiksi imekufa, ninunue nyingine. Kabla sijatoa hela hiyo nataka ushahidi.

---

Kamanda_Volti (Dodoma)

Mkuu, jibu unalo mkononi. Kernel-Power 41 maana yake umeme. Hiyo pawa ya 550 imechoka, na umeme wetu unavyopanda na kushuka ndiyo kabisa. Badilisha pawa, weka na UPS, habari imeisha.

---

Shangazi_Solda (Tanga)

Kamanda, hapo punguza mwendo. Tukio namba 41 Windows inaliandika pale inapowaka na kukuta haikuzimwa kwa utaratibu. Ukishikilia batani kwa sababu mashine imeganda, lazima utalikuta. Halisemi kwa nini iliganda. Pawa ikiwa ndiyo shida, mara nyingi mashine huzima kabisa kama iliyochomolewa kwenye soketi, au hujiwasha upya yenyewe. Huyu picha inabaki kwenye skrini na feni zinaendelea kuzunguka. Siifuti pawa kwenye orodha, ila siianzi.

Ngoma, kuhusu GPU: kadi ikianguka, Windows kwa kawaida hujaribu kuiamsha draiva, na kwenye Event Viewer unakuta tukio 4101 la draiva ya picha kuacha kujibu na kurudi. Litafute. Kisha nijibu haya:

RAM ziko ngapi, na zilinunuliwa pamoja? Kwenye BIOS umewasha XMP, ile profaili ya kasi iliyohifadhiwa ndani ya stiki? Na ukifungua faili kubwa la zip au 7z, limewahi kukataa kwa eror ya CRC, yaani hesabu ya kuhakiki data haikulingana, halafu ukijaribu tena likafunguka?

Hilo la mwisho lijibu kwa makini.

---

Mzalendo_88

Huyu kaibiwa. Fungua CPU-Z, nenda kwenye Memory uangalie DRAM Frequency. Mimi nilinunua RAM ya 3600 nikakuta inasoma 1796. Nusu nzima! Rudisha dukani.

---

Shangazi_Solda

Mzalendo, yako ni nzima, usimrudishie mwenye duka. DDR hupeleka data mara mbili katika kila pigo la saa. CPU-Z inakuonyesha mapigo, boksi linakuonyesha data. 1796 mara mbili ni karibu 3600, ndiyo hiyo hiyo uliyolipia.

---

Ngoma_ya_Ziwa

Shangazi, shikamoo. 4101 nimetafuta, hakuna hata moja.

RAM ziko nne, kila moja GB 8. Mbili za kwanza zilikuja pamoja kwenye boksi moja. Mbili nyingine nimeziongeza baadaye, kampuni tofauti, lakini namba ni zile zile: 3600, CL18, volti 1.35. XMP imewashwa na Task Manager inasoma 3600.

Na hilo la CRC umenishtua. Juzi nilikuwa nafungua faili la modi za GTA, likakataa. Nikadhani limeharibika wakati wa kudownlodi. Nimelifungua tena sasa hivi baada ya kusoma swali lako, limefunguka lote.

---

Shangazi_Solda

Marahaba mwanangu. Faili lililo kwenye diski halibadiliki kati ya juzi na leo. Kama lilikataa halafu likakubali, basi kuna kitu kati ya diski na prosesa kilichogeuza biti njiani, na njia hiyo inapita kwenye RAM. Gemu nalo linafanya kazi ile ile: linafungua mafurushi ya GB nyingi, linayajaza kwenye memori, linayasoma kwa kasi. Biti moja ikigeuka ndani ya rangi ya ukuta hutaona kitu. Ikigeuka kwenye anwani ambayo gemu linaitegemea, gemu linafunga. Ikigeuka ndani ya draiva, mashine nzima inaganda au inakupa skrini ya bluu. Ndiyo maana dalili zako hazifanani kutoka siku moja hadi nyingine.

Bado ni tuhuma tu. Tuipime.

Chukua flashi isiyo na kitu cha maana, weka MemTest86 ya bure, washa kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo. XMP iache kama ilivyo, kwa sababu tunataka kupima hali ile ile inayokugandishia gemu. Toleo la bure linafanya raundi nne, na kwa GB 32 litakula saa kadhaa, kwa hiyo liwashe ukienda kulala. Ukipenda kurudia bila kikomo kuna Memtest86+, ile yenye alama ya kujumlisha, ila ikikataa kuwaka zima Secure Boot kwanza. Ile ya ndani ya Windows, `mdsched.exe`, usiitegemee. Ikikuta eror ni ushahidi, isipokuta haijathibitisha lolote.

Na kabla ya yote, nakili kazi zako kwenye diski ya nje. Memori inayodanganya huandika uongo kwenye diski pia.

---

Binti_Pwani (Mombasa)

Mimi nina laptopu, na yenyewe huganda nikicheza. RAM moja imegandishwa kwenye bodi, nyingine nimeongeza. Kwenye BIOS hakuna hiyo XMP. Nifanyeje?

---

Shangazi_Solda

Binti, kwako ni rahisi zaidi kidogo. Laptopu nyingi hazina XMP, zinakwenda kwa kasi ya kawaida ya JEDEC, kwa hiyo setingi hatuzilaumu. Toa ile uliyoongeza, cheza siku kadhaa na ile ya bodi peke yake. Kukiwa shwari, irudishe uipime kwa flashi. Eror zikitokea kwa kasi ya kawaida, stiki hiyo au sloti yake ni mbovu kweli, si jambo la kurekebisha kwa setingi. Lakini kwa laptopu inayoganda kwenye gemu tazama pia joto, fungua uzi wako tukuhudumie vizuri.

---

Ngoma_ya_Ziwa

Nimerudi. MemTest86 imemaliza raundi nne usiku kucha. Eror: 0. PASS ya kijani.

Jioni nimefungua GTA, imeganda kama kawaida.

---

Kamanda_Volti

Nilisema mimi. RAM ni nzima, nunua pawa.

---

Shangazi_Solda

Hapana, hapa ndipo watu wengi wanapopotea njia. Fikirieni mashine ilikuwa katika hali gani wakati wa kipimo hicho. Kadi ya grafiksi ilikuwa imelala, haina joto. Prosesa haikuwa ikifanya kazi nyingi tofauti kwa pamoja. Ndani ya kasha kulikuwa na ubaridi wa usiku. Sasa fikirieni gemu: GPU inamwaga joto lake ndani ya kasha, na hewa hiyo ya moto inapanda moja kwa moja kwenye RAM zilizo juu yake. Chembe za DRAM hutunza kila biti kama chaji ndogo inayovuja, na lazima ijazwe upya kila mara. Joto likipanda, kuvuja kunaongezeka. Profaili iliyopangwa ukingoni, inayopita salama kwenye nyuzi 38, inaweza kuanza kukosea kwenye 50.

Kwa hiyo MemTest86 imetuambia jambo moja zuri: hakuna stiki iliyokufa waziwazi. Haijatuambia kwamba 3600 kwa stiki nne ni imara.

Sasa tupime ndani ya Windows. Pakua TestMem5, ile watu wanaiita TM5, pamoja na konfigi ya Extreme. Iendeshe kama administrator, funga kila kitu kingine. Ikipita yenyewe, irudie huku FurMark ikizunguka kwenye dirisha dogo ili GPU ipashe kasha joto. Itazame usiiache peke yake. Mashine ikizima kabisa wakati huo, nitamwomba Kamanda radhi na tutarudi kwenye pawa. TM5 ikihesabu eror, ni memori.

---

Ngoma_ya_Ziwa

TM5 peke yake ilikwenda muda mrefu bila kitu, halafu eror moja. Pamoja na FurMark haikuchukua hata robo saa, eror zikaanza kumiminika. Mashine haikuzima.

Kwa hiyo nitupe zile mbili nilizoongeza?

---

Shangazi_Solda

Usitupe kitu. Tumeshajua ni memori, hatujajua ni nini ndani ya memori. Zima, chomoa waya wa umeme, toa zote nne. Rudisha zile mbili za kwanza peke yake kwenye sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, kwenye bodi huandikwa A2 na B2. XMP 3600, TM5 na FurMark. Ukimaliza, zitoe, weka zile mbili za pili kwenye sloti zile zile, setingi zile zile, kipimo kile kile. Sloti usizibadilishe, la sivyo hutajua umepima RAM au umepima sloti.

---

Ngoma_ya_Ziwa

Shangazi, nimechukua wikiendi nzima kwa hili.

Jozi ya kwanza peke yake, 3600: safi, saa zote.
Jozi ya pili peke yake, 3600: safi vilevile.
Zote nne, 3600: eror.

Nimecheza pia na jozi moja tu, GB 16, hakuna kuganda. Sasa sielewi. Kila jozi ni nzima, zikikaa pamoja zinagombana?

---

Kamanda_Volti

Sasa naona ni RAM kweli, nakubali. Lakini dawa ni moja: ongeza volti. Stiki zimeandikwa 3600, kampuni imeahidi 3600, lazima zifike. Weka 1.45 kwenye DRAM, zitatulia.

---

Shangazi_Solda

Kamanda uko sahihi nusu. Kampuni imezipima stiki zile, kwenye jozi iliyo boksini, kwa kasi hiyo. Lakini kuna mwenzao wa tatu ambaye hakuahidi chochote: kidhibiti cha memori kilichomo ndani ya prosesa. AMD wanaandika 3200 kama kasi rasmi ya juu ya prosesa hii. Chochote juu ya hapo ni ovaklok, hata kama umeiwasha kwa kubonyeza batani moja iliyoandikwa XMP. Na kasi hiyo rasmi ni kwa hali nyepesi. Ukijaza sloti nne, waya zile zile zinabeba mzigo mara mbili, ishara inachafuka, na kidhibiti kinapata kazi ngumu zaidi ya kutofautisha moja na sifuri.

Juu ya hapo hizi ni jozi mbili za viwanda tofauti. Namba nne zilizo kwenye boksi zinafanana, lakini chini yake kuna taiming nyingine nyingi ambazo hazichapishwi. Jozi moja inaweza kutaka nafasi kubwa zaidi kuliko ambayo bodi imeipa kwa kufuata jozi nyingine.

Volti kidogo, tuseme kutoka 1.35 hadi 1.37 au 1.38, zinaweza kusaidia. 1.45 zinaongeza joto kwenye RAM ambazo tumeona zinakosea zikipata joto. Kuna chipu zinazostahimili, na kuna zinazozidisha eror. Hatujui chipu zake, kwa hiyo tusianzie huko.

Ngoma, ingia BIOS. XMP iache imewashwa ili taiming na volti zibaki zilezile, kisha badilisha hivi tu:

```
DRAM Frequency : DDR4-3200
FCLK           : 1600 MHz
Gear Down Mode : Enabled
DRAM Voltage   : 1.35 V
```

Taiming za 18-22-22 usiziguse. Kwenye 3600 zile hatua 18 zilikuwa nanosekunde 10, kwenye 3200 zinakuwa 11.25. Yaani kila stiki imepata muda zaidi wa kujibu bila wewe kubadilisha namba. FCLK, yaani kasi ya njia ya ndani ya prosesa, inabaki nusu ya kasi ya RAM, na Ryzen inapenda hivyo.

Ukihifadhi na kutoka, skrini inaweza kubaki nyeusi na mashine ikajizima na kuwaka yenyewe. Bodi inajifunza upya memori, isubiri. Ikishindwa kabisa, futa CMOS kwa zile pini mbili, utaanza upya na kasi ya kawaida.

---

Jirani_wa_Matrah (Maskati)

Assalaam alaikum jamaa. Nimeupata uzi huu nikiwa na shida inayofanana, ila mimi niko kwenye Ryzen 7 7700 na DDR5. Stiki nne za GB 16, EXPO 6000. Inawaka, inacheza, halafu inaganda. Kuna aliyenishauri nipandishe volti ya SoC hadi 1.35. Nifanye?

---

Shangazi_Solda

Waalaikum salaam. Usifanye, kaka. Mwaka 2023, baada ya prosesa kadhaa za familia hiyo kuungua, AMD waliweka kikomo cha SoC kuwa 1.3 kupitia BIOS mpya. Kwanza apdeti BIOS kama ni ya zamani.

Pili, tazama tovuti ya AMD: kwa prosesa yako stiki mbili zinaahidiwa 5200, stiki nne 3600 tu. Wewe unaomba 6000 kwa nne. Wapo wanaofika, lakini ni bahati ya prosesa na bodi. Shuka hadi 4800 upime, ukipita panda hatua moja moja. Una faida moja ambayo Ngoma hana: stiki za DDR5 zina kipimajoto, fungua HWiNFO utaona joto la kila moja wakati wa gemu.

Kama GB 32 zinakutosha, stiki mbili kwa 6000 zitakupa gemu laini kuliko nne kwa 4800. Hayo ni maoni yangu, wengine watabisha.

---

Jirani_wa_Matrah

Ahsante. Kuuza mbili sitaki, nahariri video pia. Naanza na 4800, nitaleta majibu.

---

Ngoma_ya_Ziwa

Ripoti. 3200 kwa stiki nne, setingi kama ulivyoandika. TM5 na FurMark: safi. TM5 usiku kucha: safi. Nimecheza GTA jioni kadhaa mfululizo, haijaganda. Lile faili la modi nalijaribu mara kwa mara, linafunguka kila mara. Tofauti ya fremu ipo lakini ni ndogo, nisingepima nisingejua.

Nikajaribu 3333 na FCLK 1666. Ilipita muda mrefu, mchana wa joto ikatoa eror moja tu, na nilipoirudia haikutoa. Gemu halijaganda kwenye 3333. Hiyo eror moja naihesabu?

---

Kamanda_Volti

Moja tu si kitu. Kaa 3333, weka 1.37, utapita.

---

Shangazi_Solda

Mimi ningeihesabu. Kipimo cha memori hakina alama ya kupita kwa wastani, jibu linalokubalika ni sifuri. Eror moja kwa saa kadhaa leo, msimu wa joto na vumbi kwenye feni zitakuwa ngapi? Lakini wazo la Kamanda la 1.37 ni la halali, unaweza kulipima. Sharti kipimo kifanyike mchana, kasha likiwa limefungwa, na si mara moja.

Jambo jingine usilisahau. Muda wote ule memori ilipokuwa inakosea, Windows ilikuwa inaandika mafaili. Sasa kwa kuwa 3200 imesimama imara, fungua Command Prompt kama administrator uendeshe kwa mpangilio huu:

```
DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow
```

Usiziendeshe ukiwa unajaribu 3333. Ukitengeneza mafaili kwa memori inayokosea, unaweza kuharibu yaliyokuwa mazima. Kwenye Steam bonyeza kila gemu, Properties, Installed Files, kisha Verify integrity. Yaliyoharibika yatapakuliwa upya.

---

Ngoma_ya_Ziwa

`sfc` imekuta mafaili yaliyoharibika na imeyatengeneza. Steam imepakua upya sehemu ya GTA. Sikutegemea, maana Windows ilikuwa imepigwa upya juzi juzi tu.

---

Shangazi_Solda

Ilipigwa upya kupitia RAM ile ile.

---

Binti_Pwani

Shangazi, nimetoa ile RAM niliyoongeza. Siku ya tatu leo haijaganda, lakini GB 8 ni ndogo, gemu linakwamakwama. Nimeipima na flashi nikiirudisha, eror zimejaa raundi ya kwanza. Naipeleka dukani na picha ya skrini, waranti bado ipo. Wakinipa nyingine naipima hapo hapo kabla sijatoka?

---

Shangazi_Solda

Hapo dukani hutapata saa za kutosha. Waambie wakuandikie siku za kurudisha kwenye risiti, ukaipime nyumbani raundi zote nne, na gemu juu yake.

---

Jirani_wa_Matrah

4800 imepita usiku. 5200 imeganda kwenye gemu lakini TM5 haijaona kitu, hata na FurMark, na RAM ziko nyuzi 49. Sasa hii ni memori au ni kitu kingine?

---

Shangazi_Solda

Swali zuri, na kwa DDR5 sina jibu la haraka. TM5 inaibana RAM yenyewe zaidi kuliko kidhibiti. Jaribu y-cruncher, majaribio ya VT3, kwa muda wa saa moja au mbili ukiwa kwenye 5200. Hilo linabana prosesa na kidhibiti kwa pamoja. Likianguka, SoC na kidhibiti ndiyo nitawatazama kwanza. Lisipoanguka, rudi 4800 ucheze wiki nzima kwenye gemu lile lile, na utazame Event Viewer kama kuna WHEA-Logger, yaani eror za vifaa vyenyewe. Lete picha zote mbili hapa.